Gari la cc 2000 lenye 1998: Jinsi ujazo wa injini unavyokokotolewa

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa gari lililotumika anapoletewa karatasi za gari kutoka Japani, mara nyingi hukuta humo tarakimu zinazomshangaza. Muuzaji amemwambia gari ni la cc 2000, lakini karatasi zimeandikwa 1998. Jirani yake aliyeagiza Toyota Probox ya cc 1500 amekuta 1496. Mwingine aliyeahidiwa Vitz ya cc 1000 ameandikiwa 997 na mwenzake 996. Wengi hudhani ni makosa ya uchapaji, au kwamba wamepunjwa vijisentimita kadhaa.

Hakuna aliyepunjwa. Tarakimu hizo ndizo za kweli, na zile za mviringo zinazotamkwa gulioni ni makadirio tu. Zinatokana na vipimo vitatu vya injini, na mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuzipata mwenyewe. Si jambo la udadisi tupu, kwani ushuru wa gari linaloingizwa nchini hufuata tarakimu hizo, na tofauti ya gari lililo chini ya mstari na lililo juu yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Ujazo wa injini ni nini

Ndani ya injini kuna matundu ya mviringo yaitwayo silinda. Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Inapofika juu kabisa husimama kwa kitambo kidogo mno, kisha hugeuka na kushuka hadi chini kabisa, kisha hupanda tena. Umbali kati ya kikomo cha juu na kikomo cha chini huitwa mwendo wa pistoni. Upana wa tundu lenyewe, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili kwa kupitia katikati, ni kipenyo cha silinda.

Ujazo wa injini ni nafasi inayofagiwa na pistoni zote, kila moja ikishuka mara moja kutoka kikomo cha juu hadi cha chini. Umbo la nafasi hiyo ni mcheduara, kama lile la kopo la maziwa. Kila aliyesoma hisabati ya shule anajua namna ya kupata ujazo wa kopo: eneo la kitako chake huzidishwa kwa kimo. Hapa kitako ni duara la silinda na kimo ni mwendo wa pistoni. Kwa kuwa injini huwa na silinda kadhaa, jibu huzidishwa kwa idadi yake.

Eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha pai kwa nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Lakini watengenezaji wa injini hutoa kipenyo kizima, si nusu yake. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kuigawa pai kwa 4 mara moja, ambapo hupatikana 0.7854, kisha kutumia kipenyo kama kilivyo. Kanuni nzima ni hii:

```
ujazo = 0.7854 x kipenyo x kipenyo x mwendo x idadi ya silinda
```

Vipimo hutolewa na watengenezaji kwa milimita, lakini jibu linalotakiwa ni la sentimita za ujazo, ambazo ndizo cc. Hivyo kila kipimo lazima kwanza kigawanywe kwa 10 ili kiwe sentimita. Asiyefanya hivyo atapata jibu lililo kubwa mara 1000.

Probox mbili, silinda zilezile

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana katika kila kona ya Afrika Mashariki. Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Miongoni mwa injini zake za petroli zimo mbili zinazofanana sana kwa umbo: ile iitwayo 1NZ-FE, ambayo ni ya cc 1500 kwa lugha ya gulioni, na ile iitwayo 2NZ-FE, ambayo ni ya cc 1300. Zote mbili zina silinda 4, na kipenyo cha kila silinda ni milimita 75 katika injini zote mbili. Zinatofautiana katika mwendo wa pistoni: milimita 84.7 kwa ya kwanza na milimita 73.5 kwa ya pili.

Tuanze na ya kwanza. Kipenyo ni sentimita 7.5. Tukizidisha 7.5 kwa 7.5 tunapata 56.25. Tukizidisha kwa 0.7854 tunapata sentimita za mraba 44.18, ambalo ni eneo la duara la silinda. Mwendo ni sentimita 8.47, kwa hiyo ujazo wa silinda moja ni 374.2. Mara 4, jibu ni sentimita za ujazo 1496.8.

Katika karatasi za Japani injini hii huandikwa 1496, kwa sababu huko sehemu ya desimali hukatwa na kuachwa. Katika masoko mengine injini hiyo hiyo huandikwa 1497, kwa sababu huko desimali hukadiriwa kwenda namba nzima iliyo karibu. Mnunuzi anayekuta 1496 katika karatasi moja na 1497 katika nyingine asidhani kwamba injini imebadilishwa.

Sasa ya pili. Duara ni lile lile, sentimita za mraba 44.18. Mwendo ni sentimita 7.35, hivyo silinda moja ina 324.7 na zote nne zina 1298.9. Hiyo ndiyo 1298 inayoonekana katika karatasi. Tofauti ya takriban cc 200 kati ya magari hayo mawili imetokana na milimita 11.2 tu za mwendo wa pistoni. Mwendo huo hutegemea krenki, yaani mhimili uliopindwa unaozungushwa na pistoni. Kila kiwiko cha krenki kikitoka nje zaidi kwa milimita 5.6, pistoni hupanda zaidi kwa kiasi hicho na kushuka zaidi kwa kiasi hicho, na mwendo wake huongezeka mara mbili yake.

Kutokana na mifano hiyo linaonekana jambo moja la kukumbuka. Mwendo umo katika kanuni mara moja, lakini kipenyo kimo mara mbili. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, ujazo huongezeka kwa asilimia 10. Ukiongeza kipenyo kwa asilimia 10, ujazo huongezeka kwa asilimia 21. Jambo hili litatusaidia tutakapofika kwenye kuchonga silinda.

Idadi ya silinda nayo si kipimo cha ukubwa wa injini. Vitz ya kizazi cha kwanza ya cc 1000 ilikuwa na injini ya silinda 4, iitwayo 1SZ-FE, yenye kipenyo cha milimita 69 na mwendo wa milimita 66.7. Hesabu yake ni 997.6. Vitz ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2005, ilikuja na injini ya silinda 3, iitwayo 1KR-FE, yenye kipenyo cha milimita 71 na mwendo wa milimita 83.9. Hesabu yake ni 996.5. Silinda moja imeondolewa, zilizobaki zimerefushwa mwendo na kupanuliwa kidogo, na jumla imebaki karibu ile ile. Kwa hiyo yule anayesema kwamba injini ya silinda 3 lazima iwe ndogo kuliko ya silinda 4 anakosea.

Mstari ambao haupaswi kuvukwa

Msomaji atakuwa ameona kwamba majibu yote yako chini kidogo ya namba ya mviringo: 996, 997, 1298, 1496, 1998. Hayajawahi kuwa 1002 wala 1503. Hii si bahati.

Nchini Japani kodi ya kila mwaka ya gari hupandishwa kwa ngazi za ujazo. Ngazi ya kwanza ni ya magari yasiyozidi cc 1000, inayofuata ni ya yale yasiyozidi 1500, kisha 2000, kisha 2500, na kuendelea. Aidha, gari la petroli likizidi cc 2000 haliwezi tena kuandikishwa katika kundi la magari madogo ya nchi hiyo. Mtengenezaji anayetengeneza injini ya cc 2003 angewatia wateja wake katika kodi ya juu kwa ajili ya sentimita 3 za ujazo zisizohisiwa na dereva yeyote. Kwa hiyo wahandisi huchagua kipenyo na mwendo vitakavyolisogeza jibu hadi karibu kabisa na mstari bila kuugusa.

Mistari hiyo haiko Japani peke yake. Orodha ya kimataifa ya bidhaa inayotumiwa na idara za forodha huyagawa magari ya abiria ya petroli kwa mipaka ya cc 1000, 1500 na 3000, na yale ya dizeli kwa mipaka ya 1500 na 2500. Kila nchi huweka viwango vyake juu ya mgawanyo huo au kuongeza mipaka yake.

Kwa Tanzania, mipaka iliyotumika kwa miaka mingi katika ushuru wa bidhaa wa magari ya abiria ni cc 1000 na cc 2000. Gari lisilozidi 1000 halikutozwa ushuru huo, lililozidi 1000 lakini halikuzidi 2000 lilitozwa asilimia 5, na lililozidi 2000 lilitozwa asilimia 10. Ada ya mwaka ya leseni ya gari nayo ilikuwa ikipangwa kwa ujazo wa injini hadi ilipofutwa mwaka 2017. Viwango huweza kubadilishwa na sheria ya fedha ya kila mwaka, hivyo mwagizaji hana budi kuuliza vya mwaka husika katika Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kulipia gari.

Tuone uzito wa jambo hili kwa Toyota RAV4. RAV4 ya kizazi cha pili iliyouzwa Japani ilikuwa na injini iitwayo 1AZ-FSE. Kipenyo chake ni milimita 86 na mwendo wake ni milimita 86 vilevile. Sentimita 8.6 mara 8.6 ni 73.96. Mara 0.7854 ni 58.09. Mara 8.6 ni 499.56. Mara 4 ni 1998.2. RAV4 ya kizazi cha tatu ilikuja na injini iitwayo 2AZ-FE, yenye kipenyo cha milimita 88.5 na mwendo wa milimita 96. Hesabu yake ni 2362.2.

Kwa macho, tofauti ya injini hizo ni milimita 2.5 za upana na milimita 10 za mwendo. Kwa ushuru, tofauti ni asilimia 5 dhidi ya asilimia 10. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba thamani inayotozwa ushuru huo ni shilingi 12,000,000 kwa magari yote mawili. Lenye 1998 hudaiwa shilingi 600,000 na lenye 2362 hudaiwa shilingi 1,200,000. Kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa baada ya hapo, juu ya jumla ambayo tayari imebeba ushuru huo. Kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kuliko hizo shilingi 600,000.

Hapa ndipo neno la gulioni linapoweza kumponza mtu. Muuzaji anayesema "RAV4 ni cc 2000" anaweza kuwa anazungumzia gari la kizazi kingine. Mnunuzi aombe jina la injini, kisha afanye hesabu mwenyewe kabla ya kutuma fedha.

Unene usiofika wa unywele

Turudi kwa ile 1998.2 ili tuone jinsi wahandisi walivyousogelea mstari. Imebaki sentimita za ujazo 1.8 kufika 2000. Je, silinda ingepanuliwa kiasi gani ili mstari uguswe? Ukiacha mwendo ubaki milimita 86, jibu ni kipenyo cha milimita 86.04. Yaani milimita 0.04 tu, ambayo ni nyembamba kuliko nywele nyingi za kichwani.

Msomaji makini atauliza: je, silinda haziliki kwa matumizi? Naam, zinalika. Gari lililotembea miaka mingi linaweza kuwa na silinda zilizopanuka kwa zaidi ya milimita 0.04 katika sehemu ambayo ringi za pistoni husugua zaidi. Lakini ujazo unaoandikwa katika kadi ya gari haupimwi upya kwa kila gari. Ni ule uliokokotolewa kutokana na vipimo vya usanifu wa injini. Gari halihami kundi la ushuru kwa sababu ya uchakavu.

Hata hivyo, uchakavu huo unamhusu sana anayetaka kupima injini mwenyewe.

Kupima mezani kwa fundi

Zipo nyakati ambapo jina la injini halitoshi. Injini imenunuliwa peke yake bila gari, namba yake imekwanguliwa au kuliwa na kutu, au mwenye gari ana shaka kwamba aliyemtangulia aliweka injini nyingine. Ikiwa silinda hedi imefunguliwa kwa ajili ya matengenezo, kupima ni kazi ya nusu saa.

Kipenyo hupimwa kwa geji ya kipenyo cha ndani, si kwa rula. Mahali pa kupimia ndipo penye siri. Juu ya silinda, karibu na pale ringi ya kwanza inapoishia, ndipo ukuta unapolika zaidi. Ukipitisha kucha hapo katika injini iliyochoka utahisi ukingo mdogo. Chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki, ukuta huwa karibu na upana wake wa kiwandani. Hapo ndipo pa kupima. Kipimo kichukuliwe mara mbili, cha pili kikikatiza cha kwanza kwa pembe mraba, kwa sababu silinda iliyochakaa huacha kuwa duara kamili.

Kosa la mahali pa kupimia si dogo kama linavyoonekana. Chukua injini yetu ya 1NZ-FE. Fundi akipima sehemu iliyolika na kupata milimita 75.1 badala ya 75, hesabu itampa 1500.8 badala ya 1496.8. Kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, injini imevuka mstari wa 1500 kwenye karatasi yake, na ataanza kubishana na kadi ya gari iliyo sahihi.

Mwendo wa pistoni ni rahisi zaidi. Zungusha krenki taratibu hadi pistoni ifike juu kabisa, kisha pima kina kutoka uso wa juu wa bloku hadi juu ya pistoni. Zungusha tena hadi pistoni ifike chini kabisa, upime kina hicho mahali pale pale juu ya pistoni. Toa kipimo cha kwanza katika cha pili. Baadhi ya watu hupima kina cha chini peke yake na kukiita mwendo. Hilo ni kosa, maana si kila pistoni husimama sawasawa na uso wa bloku inapofika juu.

Lipo kosa jingine la wale wanaojaribu kupima kwa kumimina mafuta katika silinda pistoni ikiwa chini na silinda hedi ikiwa imefungwa. Watakachopata ni ujazo uliofagiwa pamoja na chumba cha mwako kilichoko juu ya pistoni, ambacho hakihesabiwi katika cc. Kwa 1NZ-FE, ambayo uwiano wake wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1, chumba hicho kina takriban cc 39 kwa kila silinda. Kwa silinda nne, jumla ingepanda hadi kama 1654, na mtu angedhani ana injini tofauti kabisa.

Makosa ya kikokotoo nayo hujitambulisha yenyewe. Anayesahau kugeuza milimita kuwa sentimita hupata mamilioni. Anayetumia kanuni ya pai na nusu kipenyo, lakini akaingiza kipenyo kizima, hupata mara 4 ya jibu la kweli, na Probox yake huwa na cc 5987 kama lori. Anayesahau idadi ya silinda hupata 374, ujazo wa pikipiki.

Silinda zinapochongwa

Silinda zikilika kupita kiasi, injini huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi huipeleka bloku kwenye karakana ya mashine, silinda zikachongwa ziwe duara tena, kisha zikawekwa pistoni kubwa zaidi ambazo mafundi huziita ovasaizi. Ukubwa wa kawaida wa pistoni hizo huongezeka kwa hatua, kama vile milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila injini hupatikana kwa hatua zote.

Injini ya milimita 86 ikichongwa kwa milimita 0.50, kipenyo huwa 86.5. Sentimita 8.65 mara 8.65 ni 74.82. Mara 0.7854 ni 58.77. Mara mwendo wa 8.6 na silinda 4, jibu ni 2021.5. Injini ya 1998 sasa ina 2021, na mstari wa 2000 umevukwa kwa hesabu.

Mwenye gari asiogope kwa ajili ya ushuru wa kuingiza, kwa kuwa huo ulilipwa gari lilipoingia nchini. Asitarajie pia nguvu mpya. Ongezeko la cc 23 ni kama asilimia 1.2 tu. Anachokirudisha fundi ni mgandamizo uliokuwa ukivuja kando ya ringi, na ndiyo maana gari huonekana limepata uhai.

Hatari iko kwingine. Kila uchongaji huufanya ukuta wa silinda kuwa mwembamba, na nyuma ya ukuta huo hupita maji ya kupoozea. Kuna kikomo ambacho mtengenezaji amekiweka kwa kila injini. Katika injini nyingi za aluminiamu zenye ganda jembamba la chuma ndani ya silinda, kikomo hicho kiko karibu sana au hakuna nafasi ya kuchonga kabisa. Ukuta ukiwa mwembamba mno, injini huchemka na silinda hupoteza duara lake mapema.

Namba iliyogongwa kwenye pikipiki

Wenye bodaboda wana hesabu rahisi kuliko wote, kwa sababu silinda ni moja. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zimefuata usanifu wa Honda CG125, wenye kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5. Sentimita 5.65 mara 5.65 ni 31.92. Mara 0.7854 ni 25.07. Mara 4.95 ni 124.1. Hiyo ndiyo inayoitwa cc 125.

Ile inayoitwa 150 katika ukoo huo huo ina mwendo ule ule wa milimita 49.5, lakini kipenyo chake ni milimita 62. Hesabu yake ni 149.4. Kipenyo kimeongezeka kwa chini ya asilimia 10, na ujazo umeongezeka kwa asilimia 20. Ile kanuni ya kipenyo kuhesabiwa mara mbili imejidhihirisha.

Tena mnunuzi hahitaji kufungua kitu. Injini za namna hiyo hugongwa herufi na tarakimu kwenye bloku, kama vile 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, yaani 1. Mbili zinazofuata ni kipenyo kwa milimita bila desimali, yaani 56 au 62. Herufi ya mwisho huonyesha kundi la ujazo, ambapo I ni 125 na J ni 150. Pikipiki yenye kibandiko cha 150 ubavuni lakini iliyogongwa 156FMI ina silinda ya milimita 56, na mwenye kuilipia bei ya 150 amelipia kibandiko.

Kibandiko hubanduliwa na kubandikwa kingine kwa dakika moja. Mwenye shaka na asome namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha azidishe mwenyewe kabla ya kutoa fedha.